Kichwa cha profaili: andika neno analolitafuta mteja

Karibuni tena. Leo hatuna slaidi, tunafungua profaili moja ya kweli na kuitengeneza hapa hapa mkiona. Ni ya mwenzangu, mtunza hesabu anayetafuta kazi Upwork, na ameniruhusu niichokonoe mbele yenu ilimradi nisionyeshe jina wala picha yake. Tazameni kichwa chake kinavyosomeka sasa:

```
Hardworking Accountant | Data Entry | Virtual Assistant
```

Huyu mtu kazi anaijua. Anachokifanya vizuri kuliko vyote ni kunyoosha vitabu vya maduka ya mtandaoni yanayouza kupitia Shopify. Lakini mialiko anayoipata ni ya kunakili majedwali kutoka kwenye faili za PDF, tena kwa malipo ya kusikitisha, na amekuwa akiulalamikia mtandao kwamba unampendelea fulani na fulani. Mimi nikiangalia hapa naona mtandao umemtii. Kaandika Data Entry, umemletea watu wa Data Entry.

Kabla hatujagusa chochote, hatua ya kwanza. Ondokeni kwenye profaili yenu kabisa, nendeni upande wa matangazo ya kazi. Tafuteni matangazo kumi na tano hivi ya kazi ambazo mngezikubali leo bila kusitasita, hata yale yaliyokwisha kufungwa. Fungueni hati tupu, na kwa kila tangazo nakilini sentensi mbili tu: kichwa cha tangazo, na ile sentensi ambamo mteja anaeleza kinachomsumbua. Msizitafsiri wala kuzirembesha. Tunayataka maneno yake kama alivyoyaandika.

Haya ya mwenzangu ndiyo haya kwenye skrini. Neno accountant halionekani sana humu, kinachojirudia ni bookkeeper. Huo si utani wa lugha. Mwenye duka dogo anaposema accountant mara nyingi anafikiria mtu wa kodi na hesabu za mwisho wa mwaka. Anayemtaka wa kuandika vitabu kila mwezi anamwita bookkeeper, basi akienda kwenye kisanduku cha kutafutia ndilo neno atakaloandika. Halafu angalieni: QuickBooks, Shopify, Xero. Wateja wanataja programu wanayotumia, kwa sababu hawataki kumfundisha mtu upya. Na kuna neno jingine, cleanup, maana yake vitabu vimevurugika na wanataka vinyooshwe. Hardworking haimo hata mara moja. Hakuna mteja anayekaa akatafuta mchapakazi, anatafuta mtu wa kazi fulani, uchapakazi atauona baadaye.

Hatua ya pili ni kujifanya mteja. Fungueni dirisha fiche la kivinjari, ili mtandao usiwatambue, kisha andikeni lile neno linalojirudia pamoja na jina la programu moja. Mimi naandika hivi:

```
shopify bookkeeper quickbooks
```

Msiyasome majibu kwa kijicho, yasomeni kwa jicho la mtu mwenye haraka. Mnaona nini kwa kila mtu? Picha, kichwa, bei, na mistari michache ya mwanzo ya muhtasari. Basi. Muhtasari wa Upwork unaruhusu herufi 5,000, lakini hapa kinachoonekana ni mwanzo wake tu, uliobaki umejificha mpaka mtu abofye. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa tuandike kichwa. Upwork inakupa herufi 70, nafasi na alama zikihesabiwa. Kwa hiyo kila neno lilipe kodi ya pango lake. Utaratibu wangu ni huu: kwanza jina la kazi kama mteja anavyoliita, halafu ni kwa ajili ya nani, halafu vifaa. Jina la kazi likae mwanzo, kwa sababu kwenye skrini ya simu kichwa kirefu kinaweza kukatwa mkiani, na kikikatwa usibaki na sifa bila kazi. Kichwa kipya cha mwenzangu:

```
Bookkeeper for Shopify stores | QuickBooks Online & Xero
```

Herufi 56. Zimebaki 14, na nimeziacha makusudi. Yeye alitaka tuzijaze kwa kurudishia Data Entry, eti isipotee bahati. Hapa tulibishana kidogo. Hofu yake naielewa: ukijibana, wanaokuona wanapungua. Ni kweli, watapungua. Lakini anayesoma Bookkeeper na Data Entry mahali pamoja anapata picha ya mtu wa kazi yoyote, na bei atakayompa ni ile ya kazi nyepesi kati ya hizo mbili. Kama kazi ya kunakili ndiyo inayokulisha mwezi huu, usiifute leo. Iache mpaka upate mteja mmoja wa upande wa pili, ndipo uitoe.

Mnaotumia LinkedIn, pale kichwa kina herufi 220, kwa hiyo neno cleanup lingeingia bila shida. Utaratibu haubadiliki.

Twende kwenye muhtasari. Wa mwenzangu ulianza kwa kusema yeye ni nani, amesoma nini, na kwamba anapenda sana namba. Ile mistari michache inayoonekana kwenye majibu ya utafutaji imeisha hapo, na mteja hajaambiwa kitu kinachomhusu. Tunaifuta. Mahali pake tunaweka lile tatizo tulilolinakili kutoka kwenye matangazo. Yeye ameliandika kwa lugha ya wateja wake, mimi nawasomea kwa Kiswahili mpate maana:

"Fedha zinazoingia benki kutoka Shopify hazilingani na mauzo unayoyaona dukani? Nanyoosha vitabu vya QuickBooks na Xero mpaka kila malipo yaonekane yametoka wapi."

Kwa nini hili na si jingine? Kwa sababu ndilo linalowakosesha usingizi wenye maduka hayo, na mtu wa fani anajua chanzo chake. Chukua mfano: duka limeuza 1,000. Ada za malipo 30 zimekatwa, 70 zimerudishwa kwa mnunuzi aliyerudisha bidhaa. Benki inaingia 900. Asiyejua anaandika mauzo 900 na kufunga kitabu. Hapo mauzo yamepunguzwa, ada hazionekani popote, na marejesho yamefichika. Miezi sita ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mteja aandike cleanup. Mwenzangu ameuweka mfano huo huo katika aya ya pili ya muhtasari, kwa sentensi tatu. Mteja akiusoma anajua huyu bwana ameshakaa na vitabu kama vyangu. Hakuhitaji kusema ana uzoefu.

Aya ya tatu ni fupi: anachokabidhi mwisho wa mwezi. Vitabu vilivyolinganishwa na taarifa ya benki, ripoti ya faida na hasara, na orodha ya miamala isiyoeleweka inayosubiri jibu la mteja. Halafu sentensi moja ya asichokifanya: hajazi fomu za kodi. Wengi wanaogopa sentensi kama hii. Mimi naipenda, inakuondolea mazungumzo ya nusu saa yanayoishia kwenye pole. Mwisho, swali moja ambalo mteja anaweza kulijibu akikutumia ujumbe, kwa mfano vitabu vyake vilinyooshwa mara ya mwisho mwezi gani. Msiweke namba ya simu wala barua pepe humo, Upwork inakataza kupeana mawasiliano kabla ya mkataba na profaili inaweza kufungiwa.

Kuhusu kurudiarudia maneno: bookkeeper imo kwenye kichwa, imo kwenye muhtasari mara moja au mbili pale sentensi inapoihitaji, imo kwenye lebo za ujuzi. Yatosha. Nimeona profaili zenye aya nzima mwishoni ya maneno yaliyotenganishwa kwa mkato, thelathini, arobaini. Binadamu akifika pale anahisi anauziwa. Maneno ambayo hayaingii kwenye sentensi wekeni kwenye lebo, ndiyo kazi yake, na wateja wengine huchuja kwa lebo hizo hizo.

Kwanza nakilini kichwa na muhtasari wa zamani kwenye ile hati ya matangazo, ndipo mhifadhi. Sasa tuelewane kuhusu kupima, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Msibadilishe tena kesho. Angalieni takwimu za profaili yenu baada ya wiki mbili tatu, na zisomeni kwa mpangilio: umeonekana mara ngapi kwenye utafutaji, wangapi wamebofya, wangapi wamekualika.

Kama kuonekana ni kudogo, tatizo ni maneno: hujatumia wanayoyatafuta, au lebo na kundi la kazi ulilochagua haviendani na kichwa. Kama unaonekana sana lakini hawabofyi, angalia kichwa na mistari ile ya mwanzo, pamoja na picha na bei, kwa sababu ndivyo pekee walivyoviona. Wanabofya lakini hawaandiki? Kichwa kimefanya kazi yake, kiacheni. Kasoro iko ndani: muhtasari umeahidi kitu ambacho sampuli za kazi hazikionyeshi. Na kama wanakualika lakini kwa kazi usizozitaka, rudi kwenye kichwa na utafute neno linalowaita. Kwa mwenzangu lilikuwa Data Entry. Kwa mwingine ni neno kama cheap au fast alilolitia siku ya njaa akalisahau.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Ukigeuza kichwa, bei na picha siku moja, mialiko ikiongezeka hutajua ni kipi kimeileta, na ikipungua hutajua urudishe kipi.

Jambo moja lisiwashangaze: mnaweza kufuata haya yote na bado mkakaa ukurasa wa tatu. Maneno yanakuingiza kwenye orodha, lakini nafasi yako ndani ya orodha inategemea pia kazi ulizomaliza na maoni ya wateja waliotangulia. Ndiyo maana kwa aliye mgeni, utafutaji wa maneno mengi una faida kuliko wa neno moja. Kwa bookkeeper peke yake utashindana na umati. Ukitaja Shopify na Xero pamoja, orodha inapungua, na huenda ukaonekana bila kuwa na maoni hamsini.

Na ile nakala ya kichwa na muhtasari wa zamani, iandikieni tarehe ya leo pembeni. Mwenzangu alikuwa ameshabonyeza kuhifadhi ndipo akakumbuka. Wa kwake tuliupata kwenye picha ya skrini niliyoipiga asubuhi nikijiandaa na video hii, la sivyo ungekuwa umekwenda.