Tafuta KKS kwa njia ya Yuklidi, kisha tatua mlingano wa mabaki uliopigwa picha

Habari zenu. Leo tuna swali lililotumwa kwa picha, limeandikwa kwa kalamu na ukurasa umepigwa ukiwa umeinama kidogo. Kabla ya kukokotoa chochote, ikuze picha uisome polepole.

Tazama alama ya katikati. Ukiitazama haraka utadhani ni ya sawasawa, lakini ina mistari mitatu, wa chini umefifia. Halafu angalia ukingo wa kulia, maana moduli huwa inakatwa pale. Hapa imeonekana yote, ni 123. Kinachonitia shaka ni tarakimu ya mwisho ya namba ya upande wa kulia: ni 7 au ni 1? Mwandishi huyu 7 yake ina kamkia juu, na hapa kamkia kapo, kwa hiyo naisoma 27. Nakili swali upya:

```
51x ≡ 27 (mod 123)
```

Maana yake: tunatafuta x ambayo ukiizidisha kwa 51, kisha ukagawanya kwa 123, baki ni 27.

Kazi ya kwanza ni kupata Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, cha 51 na 123. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki. Kisha ile ndogo igawanye kwa baki hilo, na uendelee hivyo hadi baki liwe sifuri.

```
123 = 2×51 + 21
51 = 2×21 + 9
21 = 2×9 + 3
9 = 3×3 + 0
```

Baki la mwisho kabla ya sifuri ni 3, na hiyo ndiyo KKS. Kwa nini njia hii haikosei? Angalia mstari wa kwanza. Namba yoyote inayogawanya 123 na 51 bila baki, lazima igawanye pia 21, kwa sababu 21 ni 123 ukitoa 51 mara mbili. Na inayogawanya 51 na 21 lazima igawanye 123. Kwa hiyo kila tukishuka mstari, namba zinapungua ila vigawo vya shirika ni vilevile. Yuklidi alilieleza hili miaka 300 hivi kabla ya Kristo, na hadi leo hakuna cha kurekebisha.

Sasa jiulize: je, 3 inagawanya 27? Ndiyo, basi majibu yapo, na yatakuwa matatu kati ya 0 na 122. Kama upande wa kulia ungekuwa 28, tungeishia hapa, maana jibu lisingekuwepo.

Gawanya zote tatu kwa 3, moduli ikiwemo:

```
17x ≡ 9 (mod 41)
```

Wengi huiacha moduli ikiwa 123. Ukifanya hivyo utapata 15 peke yake, na kwa kuwa 15 inakubali ukihakiki, hutajua kwamba umepoteza majibu mawili.

Tunahitaji kinyume cha 17, yaani namba ambayo ikizidishwa na 17 inaacha baki 1 kwenye 41. Rudia mgawanyo kwa namba hizi mpya:

```
41 = 2×17 + 7
17 = 2×7 + 3
7 = 2×3 + 1
```

Halafu panda kutoka chini. Andika 1 kwa kutumia 7 na 3, kisha iondoe 3, kisha iondoe 7. Usizidishe namba zilizomo kwenye mabano hadi mwisho, na chunga alama za kutoa, kwani hapa ndipo kazi nyingi huharibika:

```
1 = 7 − 2×3
1 = 7 − 2×(17 − 2×7) = 5×7 − 2×17
1 = 5×(41 − 2×17) − 2×17 = 5×41 − 12×17
```

Kinyume ni −12. Zidisha na 9 upate −108. Ongeza 41 mara tatu, unapata 15. Kwa kuwa moduli ya awali ni 123, ongeza 41 kwenye 15, kisha ongeza tena:

```
x = 15, 56, 97 (mod 123)
```

Hakiki kwenye swali la awali, si kwenye lile lililofupishwa. 51×56 ni 2856. Toa 123×23, yaani 2829, inabaki 27. Fanya vivyo hivyo kwa 15 na 97.

Na ile shaka ya tarakimu? KKS haiwezi kukuamulia, kwa sababu 3 inagawanya 21 na 27 pia. Kama mwenye picha aliandika 21, fuata hatua zilezile: −12 mara 7 ni −84, na majibu yanakuwa 39, 80 na 121. Muulize aliyeituma kabla hujamrudishia jibu.