Vipele Kuzunguka Mdomo na Nafuu Inayodanganya

Mabibi na mabwana, katika mazungumzo haya ya leo kuhusu vipele vidogo vinavyotokea kuzunguka mdomo na pua, naomba nianze na swali ambalo wagonjwa hunijia nalo wakiwa wameshajijibu wenyewe: "Daktari, kama hii si fangasi, mbona ile krimu ya fangasi ilinisaidia?" Swali hili ni la haki, na mtu akilijibu vizuri atakuwa ameuelewa ugonjwa huu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nitalishikilia mpaka mwisho.

Ugonjwa wenyewe huitwa dematitisi ya kuzunguka mdomo. Jina hilo lilianza kutumika katika maandishi ya kitabibu mwaka 1964, katika miaka ambayo krimu kali za steroidi zilikuwa zimeanza kuenea, na wala sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Huwapata zaidi wanawake walio kati ya umri wa kubalehe na miaka arobaini na kitu, lakini wanaume hawakusalimika, na watoto wadogo huupata pia. Chanzo chake kamili bado kinajadiliwa na wataalamu, ila kuna jambo moja lisilobishaniwa: kwa wagonjwa wengi, ukiuliza kwa subira, utakuta kuna krimu iliyopakwa usoni kwa wiki au miezi, na mara nyingi krimu hiyo ina steroidi ndani yake. Krimu nzito za urembo na mafuta mazito yanayoziba ngozi huweza kuuchochea hata bila steroidi, hasa zinapopakwa tabaka juu ya tabaka.

Nitawaeleza habari za mgonjwa mmoja, kwa kuwa safari yake inafanana na za wengi. Ni mwanamke wa miaka ishirini na saba ambaye alianza kwa kuona sehemu ndogo kavu, yenye magamba mepesi, pembeni mwa tundu la pua. Dukani alipewa krimu ya mchanganyiko, yaani ile yenye dawa tatu katika bomba moja: betamethasoni, ambayo ni steroidi; klotrimazoli, ambayo ni dawa ya fangasi; na antibiotiki. Alipaka jioni, na baada ya siku tatu ngozi ikawa laini kabisa. Akaacha. Siku chache baadaye pakawasha moto, vikatokea vipele vichache kwenye mkunjo unaoshuka kutoka pua hadi pembe ya mdomo. Akapaka tena, vikatulia. Akaacha, vikarudi vingi zaidi na kushuka hadi kidevuni. Alipofika kwangu alikuwa amezunguka hivyo kwa miezi mitano, na katikati ya safari hiyo alikuwa pia amejaribu jeli ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, ambayo ilimchoma vibaya, pamoja na vidonge vya fangasi ambavyo havikubadilisha chochote.

Sasa tumtazame kwa karibu. Vipele vyake vilikuwa vidogo sana, vya milimita moja hadi mbili, vingine vikiwa na ncha ya usaha, vimesongamana kuzunguka mdomo na kwenye mikunjo ya pande zote mbili za pua. Kwenye ngozi nyeupe mngeona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yake wekundu hufifia, na kinachoonekana ni vipele vya rangi ya ngozi au vya kahawia iliyokolea, kwa hiyo anayesubiri kuona wekundu ndipo autambue ugonjwa atapitwa nao. Nilimwomba afunge mdomo, nikamulika taa kutoka ubavuni ili kila kipele kitupe kivuli chake. Hapo ndipo alama muhimu kuliko zote ilipojitokeza: ukanda mwembamba wa ngozi safi, wa upana wa milimita chache, ulioizunguka midomo kama uzio, na vipele vikaanza nje ya ukanda huo. Haupo kwa kila mgonjwa, lakini ukiuona umeshapata nusu ya jibu.

Nusu nyingine hutokana na kile ambacho hakipo. Nilitafuta vichwa vyeusi na vichwa vyeupe, yaani vile vishimo vya vinyweleo vilivyoziba kwa mafuta, na sikuviona. Chunusi huanzia hapo hapo, kwenye kuziba kwa kishimo, ndiyo maana mwenye chunusi huwa na vichwa hivyo mahali fulani usoni, na kwa kawaida huwa na vipele vya ukubwa tofauti kwenye paji la uso, mashavu, kifua au mgongo. Mgonjwa wangu alikuwa na paji safi na mgongo safi. Zaidi ya hayo, alipoeleza anavyojisikia hakusema sana kuwashwa, alisema kuungua na ngozi kukaza, hasa baada ya kunawa. Maneno hayo mawili, kuungua na kukaza, huyasikia sana kwa wenye ugonjwa huu, nayo ndiyo yanayoeleza kwa nini dawa za chunusi zinazokausha ngozi huwatesa.

Upande wa fangasi unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa ndipo nafuu inapodanganya. Fangasi ya uso isiyoguswa na dawa huwa na sura yake: hukaa upande mmoja kuliko mwingine, hupanuka polepole kama duara, ukingo wake umeinuka na una magamba, katikati panaonekana kupona, na huwasha. Ile inayotokana na fangasi wa jamii ya hamira wanaoishi kinywani hupenda pembe za mdomo, ambapo ngozi hulowa mate na kupasuka, kwa hiyo huvamia ukingo ule ule ambao dematitisi hii huuacha. Lakini fangasi iliyopakwa steroidi hupoteza duara na magamba yake, ikabaki vipele na mabaka yasiyo na umbo, na hapo hata jicho la mzoefu huweza kukosea. Kwa sababu hiyo sikuridhika na kutazama tu. Nilikwangua magamba kidogo kwa ubapa wa kisu, nikayaweka kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha seli za ngozi na kuziacha nyuzi za fangasi zionekane kwenye hadubini. Hazikuwepo. Iwapo krimu ya fangasi imepakwa siku chache kabla, kipimo hiki huweza kutoa jibu la uongo la kutokuwepo, na kama shaka ipo hurudiwa baada ya kuacha dawa kwa muda. Kwake, ukanda safi, ulinganifu wa pande mbili na vidonge vya fangasi vilivyoshindwa vilitosha.

Basi turudi kwenye swali letu. Krimu ile ilimsaidia kwa sababu steroidi hutuliza uvimbe wa ngozi bila kujali umeletwa na nini. Hubana mishipa midogo ya damu na kunyamazisha kinga ya mahali hapo, hivyo mwanzoni dematitisi itatulia, chunusi iliyovimba itapungua na hata fangasi itaacha kuwasha, ingawa yenyewe inaendelea kukua. Nafuu ya siku tatu kutoka kwenye bomba la mchanganyiko haithibitishi utambuzi wowote. Inathibitisha tu kwamba ndani yake mlikuwa na steroidi. Wakati huo huo ngozi ya uso, ambayo ni nyembamba, hudhoofika na kupoteza uwezo wa kuhifadhi maji, na siku steroidi inapoondolewa mishipa hupanuka ghafla na uvimbe hurudi kwa nguvu. Mgonjwa hutafsiri kurudi huko kuwa ni ushahidi kwamba anaihitaji krimu. Sijui mtego mwingine wa ngozi uliofichika kuliko huu.

Tiba yake, kwa hiyo, ilianza kwa kuondoa. Tuliiacha krimu ya mchanganyiko, pamoja na losheni ya usiku, poda ya kufunika vipele na sabuni yenye manukato. Uso ulibaki kunawishwa kwa maji ya uvuguvugu peke yake. Kwa aliyetumia steroidi kali kwa muda mrefu, daktari anaweza kumshusha kwanza kwenye haidrokotisoni, ambayo ni steroidi hafifu, kwa siku chache, ila hilo linahitaji kusimamiwa, maana la sivyo mgonjwa hubadilisha tu bomba. Kisha nikampa metronidazoli ya kupaka ya asilimia 0.75 mara mbili kwa siku, na kwa kuwa vipele vilikuwa vingi nikaongeza vidonge vya doksisaiklini, miligramu 100 kwa siku kwa wiki sita, baada ya kuhakikisha kwamba si mjamzito. Mjamzito hapewi dawa hiyo, wala mtoto aliye chini ya miaka minane. Kwao hutumika erithromaisini. Nilimwambia aimeze na bilauri nzima ya maji na asilale mara moja baada ya kuimeza, kwa kuwa kidonge kikikwama kooni huunguza, na ajikinge na jua kali.

Jambo nililomrudia mara tatu ni hili: siku ya nne au ya tano uso utakuwa mbaya kuliko ulivyo leo. Ukweli ni kwamba wengi hushindwa hapa, wala si kwenye uchaguzi wa dawa. Siku ya tano alipiga simu analia, akiwa ameshalishika lile bomba mkononi, nikamsihi avumilie. Kuelekea mwisho wa wiki ya pili kuungua kulipungua, wiki ya nne vipele vipya vilikoma, na kufikia wiki ya nane palibaki madoa meusi tu. Madoa hayo si ugonjwa uliobaki. Ni rangi iliyoachwa na uvimbe, nayo hufifia yenyewe kwa miezi. Kuyapaka krimu ya kung'arisha ngozi ni kuukaribisha ugonjwa upya, kwani nyingi kati ya krimu hizo huwa na steroidi ile ile, wakati mwingine bila kuandikwa kwenye boksi.

Kabla sijapokea maswali, niseme neno kwa wazazi wa watoto wenye pumu, kwa kuwa nao hupata vipele hivi kutokana na steroidi ya kuvuta inayogusa uso kupitia barakoa. Kwao kanuni ya kuacha steroidi haitumiki. Dawa ya pumu haisimamishwi kwa ajili ya vipele; mtoto hunawishwa uso na kusukutua mdomo kila anapomaliza kuvuta, barakoa huchaguliwa inayoshika vizuri ili dawa isivuje kuelekea mashavuni na machoni, na kama vipele vinaendelea, daktari wake ndiye atakayeamua kama kipimo au kifaa kibadilishwe.