TVA haihesabu kinachobaki mfukoni

Karibuni. Leo tena niko kwenye neno langu lile lile, na wale mliolisikia mwaka jana mnivumilie, kwa sababu kosa la kupima TVA, kodi ile inayoongezwa juu ya bei, kwa faida badala ya mauzo bado halijakwisha hapa Lubumbashi.

Mama mmoja anauza bati na simenti huku Katuba. Nikamuuliza: mama, unauza kiasi gani? Akanijibu: «Baba, mimi nabakiwa na franka 600,000 tu kwa mwezi, TVA ni ya matajiri.» Sikumuuliza kinachobaki! Tukafungua daftari lake. Mauzo ni milioni 7 kwa mwezi. Mara miezi 12, milioni 84. Kiwango cha sheria cha kuingia kwenye TVA ni milioni 80 za mauzo kwa mwaka. Faida yake, hata ingekuwa sifuri, haimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi jumlisha mauzo, na ukiona yanakaribia milioni 80, nenda DGI, ofisi ya kodi, ukajisajili ukiwa na Namba yako ya Kodi. Usingoje waje wao.

Najua kuna atakayesema: «Basi mimi naanza kuandika TVA kwenye faktire leo, wateja wakubwa waniheshimu.» Hapana, ndugu yangu! Ukiiandika kabla hujasajiliwa, unadaiwa makuta hayo kwa sababu tu umeyaandika.

Sasa fomu ya kila mwezi, ukishasajiliwa. Tuseme mama yule amekwisha kusajiliwa, na aliuza milioni 7 bila kodi. Asilimia 16 yake ni 1,120,000: hiyo ndiyo TVA aliyokusanya kwa wateja. Bidhaa alinunua kwa milioni 5 na nusu. Kama zote zingekuwa na faktire nzuri, angetoa 880,000 aliyokwisha kuwalipa wauzaji wake, abaki na deni la 240,000. Lakini bidhaa za milioni 1 na nusu alizinunua kwa mtu aliyempa kikaratasi kisicho na Namba ya Kodi wala TVA. Hapo anatoa 640,000 tu, na analipa 480,000. Kikaratasi kile cha bei nafuu kimemla 240,000! Alipoona hivyo alinyamaza, kisha akaniuliza kama bado anaweza kumrudia yule muuzaji. Nikacheka, naye akakasirika.

Na jamani, bei ikiwa na kodi ndani, usipige asilimia 16 juu yake. Gawanya kwa 116, zidisha kwa 16. Katika 116,000, kodi ni 16,000. Mwenye kuandika 18,560 anajiibia mwenyewe.

Naona mwenye ukumbi anaangalia saa. Haraka basi: fomu inapelekwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita, hata kama hukuuza kitu; unaandika sifuri na kuipeleka. Kodi uliyolipa kwenye manunuzi ikizidi uliyokusanya, ziada inahamia mwezi ujao. Mizigo ya Kasumbalesa nilitaka kuifikia, ila leo tosheni na hili: karatasi za duane msizitupe, TVA mliyolipa mpakani iko humo.