Wa Kwanza Kujua Ni Muuza Udongo

ZUHURA: Jumanne nilimsindikiza wifi yangu kliniki. Hudhurio la kwanza, mimba ya wiki 22. Namuuliza muda wote huu ulikuwa wapi, ananijibu, "Mama alisema nisionekane kliniki mpaka tumbo litoke lenyewe." Na mama huyo ni mama yangu mimi, kaka Baraka.

BARAKA: Shikamoo yake popote alipo. Sasa wasikilizaji, leo tulipanga kuongelea siri, mimba kwanza, nani aambiwe na lini, kisha harusi, na harusi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo da Zuhura ana dakika kumi tu.

ZUHURA: Zitatosha. Tuanze na hesabu, maana siri nyingi zinaharibikia hapo. Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tuseme mtu aliona hedhi tarehe 5 Januari. Ongeza siku saba na miezi tisa, unapata 12 Oktoba, hiyo ndiyo tarehe ya matarajio. Wiki 12 zinatimia 30 Machi. Kliniki tunamtaka kabla ya hapo.

BARAKA: Kabla ya 30 Machi tumbo halijaonekana hata kwa wivu.

ZUHURA: Ndiyo maana "mpaka litoke lenyewe" inamchelewesha. Mgongo na ubongo wa mtoto hufunga kwenye wiki ya 6 hivi, kwa hiyo foliki asidi ya maikrogramu 400 ilitakiwa ianze hata kabla ya kushika mimba. SP ya kukinga malaria, vile vidonge vitatu anavyomeza mbele ya muuguzi, huanza wiki ya 13 na kurudiwa baada ya angalau mwezi. Wifi yangu amepitwa na dozi. Na ultrasaundi ya wiki ya 22 haikadirii umri wa mimba vizuri kama ya wiki ya 10.

BARAKA: Si angenunua foliki asidi dukani kimyakimya?

ZUHURA: Wengi hufanya hivyo, halafu wanapewa ya miligramu 5. Hiyo ni mara kumi na zaidi ya dozi ya kawaida, na inapunguza nguvu ya SP. Hutolewa kwa sababu maalumu, na anayeamua ni mhudumu. Kliniki si tangazo. Kadi anaitia kwenye mkoba, basi.

BARAKA: Kadi inaingia mkobani, sawa. Udongo je?

ZUHURA: Udongo upi?

BARAKA: Wa kula! Pemba! Mwanamke amefunga mdomo, mume amefunga mdomo, hirizi imefungwa kiunoni. Jioni anasimama sokoni, anasema, "Nipimie wa mia tano." Yule mama muuza udongo ndiye msajili wa mimba wa mtaa mzima. Ana takwimu kuliko wilaya.

ZUHURA: (anacheka) Anaweza kumtuma mtoto.

BARAKA: Mtoto anatumwa udongo wa nani? Bibi yake? Msajili anaandika jina la nyumba.

ZUHURA: Haya, kwa kuwa umeuleta, tuuseme. Udongo unashikilia madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, damu inashuka. Wakati mwingine una risasi au mayai ya minyoo. Na mara nyingi hamu yenyewe ni dalili kwamba damu imeshapungua, kwa hiyo anayeula anazidi kuutamani. Dawa yake ni kupima damu na kumeza vidonge vya madini chuma. Avitenganishe na chai kwa saa moja au mbili, na asiogope choo kikiwa cheusi. Wengine huacha vidonge kwa sababu ya choo hicho, wanadhani wamerogwa.

BARAKA: Na msajili anapoteza mteja.

ZUHURA: Turudi kwenye nani aambiwe.

BARAKA: Mimi msimamo wangu ni kitovu. Tumbo likifika kitovuni, wiki ya 20, ndipo watu waambiwe. Na siogopi kijicho, naogopa lawama. Mimba ikiharibika wiki ya 9 na watu 40 walijua, familia inaanza kupitia orodha. Nani alimshika tumbo? Nani alisema "hongera" bila kusema mashallah? Jirani mmoja atabebeshwa mkono wa mtu mpaka afe. Ukiwaambia wengi mapema, unaandaa washukiwa.

ZUHURA: Hilo lina ukweli. Lakini mimba zinazoharibika, karibu nane kati ya kumi huharibika ndani ya wiki 12 za kwanza, na kama nusu ya hizo za mapema ni kromosomu ambazo hazikukaa sawa tangu kutungwa. Hakuna jirani hapo. Usipomwambia mtu, na ikaharibika, lawama haiondoki, inahamia kwa mwanamke. Alibeba ndoo, alipanda bodaboda, alikula nini? Tena anaugulia peke yake, kesho yake yuko kazini.

BARAKA: Afadhali mwenyewe anajua ukweli.

ZUHURA: Afadhali? Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi hujionyesha kati ya wiki ya 6 na ya 9. Maumivu ya upande mmoja, damu, kizunguzungu, anaanguka. Mume yuko safarini. Ndugu aliye naye nyumbani hajui kama mwenzake ana mimba, anampikia uji.

BARAKA: Basi amwambie mmoja. Mmoja si tangazo.

ZUHURA: Wawili. Mmoja wa nyumbani, mmoja mwenye usafiri au hela ya usafiri usiku. Na waambiwe wiki ya 5, si ya 20.

BARAKA: Wawili wana wake na waume. Kufika Ijumaa ni kumi. Nabaki kitovuni.

ZUHURA: Nami nabaki wiki ya 5.

BARAKA: Hapa hatutoki leo.

ZUHURA: Hatutoki. Ila kazini hakuna cha kitovu. Kwa sheria yetu ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, mwajiri anapewa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Kwa mtu wetu wa 12 Oktoba, taarifa iwe imefika kufikia 12 Julai, na likizo anaweza kuianza wiki nne kabla, 14 Septemba. Anayefanya kazi ya eksirei au kemikali asisubiri Julai, aseme mara tu anapojua.

BARAKA: Na bosi akimuuliza amejuaje, aseme kwa msajili.

ZUHURA: Baraka!

BARAKA: Fundi anatuonyesha vidole viwili, dakika mbili. Harusi yangu! Haraka: watu wanaficha harusi kuogopa wabaya, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai notisi ya siku 21 kabla, na kanisani matangazo husomwa Jumapili tatu. Lengo lake ni mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa hiyo usichapishe kadi kabla ya notisi kupita, maana...

ZUHURA: Dakika imekwisha.

BARAKA: Na nilikuwa na mpango mzima wa kamati, michango, lini ufungue kundi la WhatsApp...

ZUHURA: Wiki ijayo.

BARAKA: Wiki ijayo utaniletea wifi mwingine. Fundi, zima. Da Zuhura, ukipita sokoni nisalimie msajili.