Nafasi sita za mafunzo kwa vitendo kwenye mkonge

Mwanaidi: Karibuni wasikilizaji wa Tanga na kwingineko. Kaka Bakari, tangazo tulilonalo leo linatoka katika shamba moja la mkonge wilayani Muheza, nalo linataka wanafunzi sita: wanne wa ufundi mitambo, watakaokuwa kwenye korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, na wawili wa maabara.

Bakari: Ahsante, Dada Mwanaidi. Wanaostahili ni wanafunzi wa stashahada walio mwaka wa pili, na wa shahada kuanzia mwaka wa pili. Aliyekwisha kuhitimu hahusiki, kwa sababu shamba linataka barua ya chuo inayothibitisha kwamba mafunzo hayo ni sehemu ya masomo ya mwombaji.

Mwanaidi: Hapo kwenye barua naomba tukae kidogo. Mwaka jana mpwa wangu alipewa barua iliyomtambulisha tu kuwa ni mwanafunzi, bila kutaja tarehe za mafunzo. Ilirudishwa, na kufikia siku aliyopata nyingine nafasi ilikuwa imekwenda. Barua itaje kozi, mwaka wa masomo, na tarehe zenyewe, yaani Julai 13 hadi Septemba 4, ambazo ni wiki nane kamili.

Bakari: Je, analipwa?

Mwanaidi: Mshahara hakuna. Ipo posho ya shilingi 10,000 kwa kila siku ya kazi aliyosaini daftari la mahudhurio, kwa hiyo siku tano kwa wiki nane ni siku 40, sawa na shilingi 400,000 kama hakukosa hata siku moja. Lakini soma mstari wa chini: posho hutolewa kila baada ya wiki nne. Mwanafunzi atakula, atapanga chumba na kupanda daladala mwezi mzima kabla hajashika hata senti, na viatu vya usalama anajinunulia mwenyewe, kwani bila viatu hivyo hasogezwi karibu na korona.

Bakari: Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wasichanganye mambo mawili. Fedha ya mafunzo kwa vitendo inayotoka Bodi ni mkopo na itarejeshwa, ilhali posho ya shamba hairejeshwi.

Mwanaidi: Mwisho wa kupokea maombi ni Mei 29, saa 9:30 alasiri. Ni kupokea, si kutuma. Bahasha iliyotiwa posta siku hiyo pale mjini Tanga itakuwa imechelewa.

Bakari: Basi barua iombwe chuoni wiki mbili kabla, maana mwenye kusaini huwa safarini mara nyingi.

Mwanaidi: Na aliye karibu aipeleke kwa mkono, kisha aombe nakala yake igongwe muhuri wenye tarehe.