Ule waya wa tatu nyuma ya mashine ya santuri

Ndugu zangu, tazameni hapa nyuma. Kebo ina plagi mbili za RCA, na pembeni yake kuna waya mwembamba wenye kichwa cha uma. Napunguza sauti kwanza, kisha nautoa kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Mmesikia? Muziki haujakatika, ila ngurumo imeufunika.

Muziki haukukatika kwa sababu haupiti kwenye waya huu. Sauti ya kila upande ina nyaya zake mbili zinazotoka kwenye sindano hadi kwenye plagi. Waya huu ni wa ethi, na umeshika mabati tu: bomba la mkono wa sindano na, mara nyingi, fremu ya mota. Ukiachwa hewani, mabati hayo yananasa umeme wa nyaya za ukutani na wa mota yenyewe, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde, kwingine 60. Nyaya za sindano, nyembamba mno, zinapita ndani ya bomba hilohilo. Bomba lililopaswa kuzikinga linaziambukiza.

Sasa hesabu. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa kama milivolti 5. Priamplifaya, kikuzaji cha kwanza chenye ile skrubu ya GND, huikuza mara 100 hivi, ikawa milivolti 500. Lakini santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa, kwa hiyo priamplifaya huirudisha: kwenye mitetemo 50 ukuzaji unafika karibu mara 700. Ngurumo ya sehemu moja ya kumi ya milivolti inatoka ikiwa milivolti 70. Kicheza sidii hakihitaji ukuzaji huo, ndiyo maana hakina waya kama huu.

Gusa mkono wa sindano kwa kidole. Ngurumo ikibadilika, mabati hayajashikwa. Na kama waya umefungwa lakini bado inanguruma? Zima kila kitu, chomoa kebo, chukua mita ya omu. Kutoka kichwa cha uma hadi bomba la mkono usome omu chache tu. Isiposoma, waya umekatika ndani. Kutoka bomba hadi chuma cha nje cha kila plagi, kwa mashine yenye waya wa peke yake, isisome kitu. Ikisoma upande mmoja tu, angalia sindano: baadhi zina kibati kinachounganisha pini ya kijani, ya upande wa kulia, na ganda lake. Hapo ethi ina njia mbili, na njia mbili nazo huleta ngurumo. Zipo pia mashine zilizounganishwa ethi ndani ya kebo. Hizo msiziongezee waya. Na tafadhali, msiupeleke kwenye soketi ya ukutani. Mahali pake ni GND ya priamplifaya.

Kuna ngurumo moja waya huu hauiwezi: ile inayozidi kadiri mkono unavyosogea kuelekea katikati ya sahani. Hiyo ni sumaku ya mota au transfoma inayoingia moja kwa moja kwenye koili za sindano. Kama transfoma ni ya amplifaya iliyo jirani, sogeza mashine.