Mzega na msumari uliohama

Assalaam aleikum, wanangu. Mti huu niliokuja nao hapa Chake Chake ni mzega, kama ule mtu anaochukulia ndoo zake mbili begani. Urefu wake ni mita 2, tungamo lake kilo 3. Ncha ya kushoto nimefunga mfuko wa mchanga wa kilo 1, ya kulia mfuko wa kilo 2. Nimeikaza kwa kamba, haining'inii.

Tuulaze mezani, tuupigie msumari katikati, tuuzungushe. Momenti ya inesha, yaani jinsi kitu kinavyokaidi kuzungushwa, kwa mti mtupu wenye tungamo M na urefu L ni ML²/12, yaani 3 × 4 ÷ 12 = 1. Mifuko iko mita 1 kutoka msumarini, kwa hiyo mmoja unaongeza 1 na wa pili 2. Jumla ni 4 kg m².

Sasa naung'oa msumari, naupiga nusu mita kuelekea mfuko mzito. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaikumbuka kanuni ya mihimili sambamba, I = I₀ + Md², d ikiwa umbali kati ya mihimili miwili, wanachukua ile 4, wanaongeza 6 × 0.25, wanapata 5.5. Hesabu safi, jibu si sahihi.

Tuhesabu kipande kwa kipande. Kitovu cha tungamo cha mti mtupu, pale unapokaa sawa ukiwekwa begani, kiko katikati yake, basi kwa mti kanuni inakubali: 1 + 3 × 0.25 = 1.75. Mfuko mwepesi sasa uko mita 1.5 mbali, unatoa 2.25. Mzito uko nusu mita tu, unatoa 0.5. Jumla ni 4.5.

Ile 1 nzima iliyozidi imetoka wapi? I₀ lazima ipimwe kwenye kitovu cha tungamo cha kitu chote unachokihamisha. Mzega huu ukiwa na mifuko yake, kitovu chake hakiko katikati. Kimevutwa kulia kwa (2 − 1) ÷ 6, yaani sentimita 17 hivi. Mchukuzi hahitaji kuambiwa hilo: husogeza bega upande wa ndoo nzito. Ukianzia hapo, I₀ ni 4 − 6 × (1/6)², karibu 3.83. Kutoka hapo hadi msumarini ni theluthi ya mita, unaongeza 6 × 1/9, karibu 0.67. Unarudi kwenye 4.5.

Mifuko nimeihesabu kama nukta. Kama ingekuwa mikubwa, kila mmoja ungehitaji pia momenti yake yenyewe.

Mkitaka kulitambua kosa bila kurudia hesabu, hamisheni msumari nusu mita upande wa pili, kwenye mfuko mwepesi. Njia ile ya makosa itatoa 5.5 tena, kana kwamba mifuko iko sawa. Jibu la kweli ni 1.75 + 0.25 + 4.5, yaani 6.5. Njooni hapa mbele mmoja mmoja, muusukume kwa kidole kwenye tundu hili, kisha kwenye lile.